Tundu la mlalo linaning'inia juu: kutafuta chanzo na kuchora upya bila saposti

Mfano wa ukurasa huu ni kishikilia beringi. Ni kipande cha plastiki kinachochapwa kwa printa ya 3D na kufungwa kwenye fremu ya mbao ili kibebe shafti ya chekecheke la maharage la kuzungusha kwa mkono, kitu ambacho fundi wa Mbeya au Mbozi anaweza kuombwa wakati wowote wa mavuno. Shafti ni nondo laini ya milimita 8, na beringi ni namba 608: kipenyo cha nje 22, cha ndani 8, unene 7. Kishikilia kinachapwa kikiwa kimesimama, mguu ukiwa chini kitandani, kwa hiyo tundu la beringi linalala mlalo. Juu ya mwili kuna sikio lililotokeza milimita 8 la kufungia kifuniko cha kuzuia vumbi.

Kabla ya kurekebisha chochote, jiulize kama tundu hilo lina ulazima wa kulala. Kama fremu inaruhusu mwili wa kishikilia uwe usawa mmoja na ukingo wa mguu, kilaze ubavu. Tundu la beringi litasimama wima na kuchapwa duara safi, na yatakayolala ni matundu ya boliti za mguu tu, ambayo hayadai usahihi mkubwa. Hapa mwili uko katikati ya mguu, na ukikilaza utabaki hewani. Zaidi ya hapo, uzito wa chekecheke unasukuma chini, yaani unabana matabaka badala ya kuyatenganisha. Kukisimamisha ndiyo njia sahihi, na tundu lazima lichorwe kwa namna hiyo.

Dalili: juu ya tundu kuna nyuzi zinazoning'inia, beringi haiingii

Hapa chanzo ni duara lenyewe. Kadiri duara linavyokaribia kilele, kila tabaka jipya linapiga hatua ndefu zaidi kuelekea katikati kuliko lililotangulia. Kwa tundu la milimita 22 na tabaka la 0.2, matabaka manne yanayotangulia lile la kufunga yanaingia ndani kwa takriban 0.47, 0.54, 0.64 na 0.85. Mstari mmoja wa nozeli ya 0.4 una upana wa kama 0.45. Maana yake katika matabaka hayo yote mstari wa ukingoni umewekwa hewani mzima mzima, hauna hata nusu iliyokalia plastiki. Unajikunja, unashuka, na tabaka linalofuata linalalia uchafu huo.

Tundu dogo lina shida hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Tundu la milimita 3 mara nyingi hupona kwa sababu eneo baya ni tabaka moja au mawili, na ukipitisha keekee kwa mkono mambo yanakwisha. Kuanzia milimita 6 hivi kwenda juu, acha duara.

Badala yake chora umbo la chozi. Duara linabaki kama lilivyo hadi digrii 45 kila upande wa kilele. Kutoka hapo mistari miwili iliyonyooka, inayogusa duara bila kulikata, inapanda kwa mshazari wa digrii 45 hadi ikutane. Mahali inapokutana pako juu ya kitovu kwa nusu kipenyo mara 1.414. Sasa kila tabaka linaingia ndani kwa kiasi kilekile cha unene wake, yaani 0.2, na zaidi ya nusu ya kila mstari imekalia plastiki.

Kwa beringi yetu tundu limepewa kipenyo cha 22.2, nusu yake 11.1, na kilele cha chozi kinafika 15.7 juu ya kitovu. Hiyo ni milimita 4.6 ya nafasi tupu juu ya beringi, na italazimu kishikilia kirefushwe bure. Kata kilele hicho kwa paa bapa lililo milimita 0.3 juu ya duara, yaani 11.4 kutoka kitovuni. Linabaki pengo la upana wa 8.6, na printa iliyo sawa inaruka pengo hilo kama daraja bila shida. Beringi bado inashikwa na duara kwa digrii 270, na upande wa chini unaobeba mzigo haujaguswa.

Katika OpenSCAD umbo hilo ni hivi:

```
module chozi(d, urefu, paa) {
  r = d/2;
  rotate([90,0,0])
  linear_extrude(height=urefu, center=true)
  intersection() {
    union() {
      circle(r=r, $fn=64);
      rotate(45) square(r);
    }
    translate([-r,-r]) square([2*r, r+paa]);
  }
}
```

Mraba wenye upande sawa na nusu kipenyo, ukizungushwa digrii 45 kutoka kitovuni, pembe zake mbili za pembeni zinaangukia palepale duara linapoguswa. Ndiyo maana hakuna hesabu ya kutafuta mahali pa kuunganisha. Tundu la beringi linaitwa kwa `chozi(22.2, 7, 11.4)`, kisha linahamishwa hadi kimo cha kitovu.

Anayetumia FreeCAD achore duara kwenye mchoro uliosimama, aweke mistari miwili juu yake, aipe kila mmoja kizuizi cha kugusa duara, aifanye ikutane kwa digrii 90, na pembe yake aifungie kwenye mhimili wa wima. Mwisho aongeze mstari wa paa na kufuta mabaki ya ndani.

Dalili: umechora chozi, lakini juu bado panashuka

Chanzo kinachotangulia vingine ni mwelekeo. Chozi linajua juu na chini. Ukilichora vizuri halafu ukakizungusha kipande ndani ya slaisa ili kikae vizuri kitandani, ncha inaelekea pembeni na kilele kinakuwa duara tena. Fungua mwonekano wa matabaka, shusha kitelezi hadi katikati ya tundu, kisha pandisha tabaka moja moja. Kwenye mshazari pengo linatakiwa kupungua kwa hatua zilizo sawa hadi kwenye paa. Ukiona hatua zinazidi kurefuka hadi juu kabisa, ncha haipo juu. Chora kipande kikiwa katika mkao wa kuchapwa tangu mwanzo, hata kama kwenye mashine kitakaa kivingine.

Chanzo cha pili ni pembetatu iliyobandikwa juu ya duara kwa makadirio. Kitako chake kikiwa chembamba kuliko sehemu ya mguso, kinabaki kibega kidogo cha duara pande zote mbili, na kibega hicho ndicho kinachoning'inia. Kwenye kipande kilichochapwa utaona alama mbili za uchafu kushoto na kulia, wakati katikati ni pasafi. Hiyo ni dalili ya uhakika; usihangaike na feni wala joto, rudi kwenye mchoro.

Tatu ni unene wa tabaka. Watu wameshika digrii 45 kama sheria, lakini kinachoamua ni sehemu gani ya mstari inakaa hewani. Kwa mshazari wa digrii 45, hatua ya pembeni inalingana na unene wa tabaka. Tabaka la 0.2 na mstari wa 0.45, asilimia 44 iko hewani, na inashika. Ukibadili kuwa 0.3 ili kazi iishe kabla umeme haujakatika, sasa asilimia 67 iko hewani, na chozi lilelile lililochapwa safi jana linachakaa leo. Ukitaka kubaki na 0.3, chora mshazari mkali zaidi, kama digrii 37 kutoka wima, ili nusu ya mstari ipate pa kukalia. Vinginevyo tumia matabaka ya kubadilika na uyafanye membamba kwenye eneo la chozi pekee.

Nne, na hili huwapita wengi, ni kimo cha paa. Paa bapa lazima liangukie kwenye mpaka wa tabaka. Kitovu chetu kiko milimita 22 juu ya kitanda, kwa hiyo paa liko 33.4, ambayo ni matabaka 167 kamili ya 0.2. Lingekuwa 33.5, lingekata tabaka katikati, na slaisa ingeamua yenyewe kulishusha au kulipandisha. Kumbuka kuhesabu tabaka la kwanza: kama ni 0.3 na mengine ni 0.2, mipaka yote inasogea kwa 0.1, na 33.4 haiko mpakani tena, 33.5 ndiyo iliyo mpakani.

Dalili: upande mmoja wa tundu ni safi, mwingine umeshuka

Mchoro una pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo tatizo ni la mashine. Karibu kila mara ni feni inayopuliza kutoka upande mmoja. Jaribu hivi: zungusha kipande digrii 180 kitandani na uchape tena. Ubaya ukihamia upande wa pili wa kipande, yaani umebaki upande uleule wa mashine, ni feni au upepo wa chumbani. Ukibaki palepale kwenye kipande, angalia mchoro tena.

Nyanda za juu zina tabia zake hapa. Mbeya iko kwenye kimo cha takriban mita 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Feni inazunguka kwa kasi ileile lakini inabeba hewa pungufu, hivyo mipangilio iliyonakiliwa kutoka kwa mtu wa Dar inaweza kuchelewa kugandisha daraja. Kwa PLA weka feni asilimia 100 kwenye sehemu zinazoning'inia na kwenye madaraja, na shusha mwendo wa ukuta wa nje katika maeneo hayo hadi milimita 20 au 25 kwa sekunde. PETG haipendi feni kubwa kipande kizima, kwani matabaka hushikana vibaya. Ibakize asilimia 40 hivi na uiongeze kwenye madaraja tu. Baridi ya Juni na Julai inasaidia kugandisha, ila dirisha lililo wazi karibu na printa linapoza upande mmoja na kukunja kingo za upande huo. Funga dirisha, acha feni ifanye kazi.

Msimu wa mvua huleta dalili nyingine inayofanana: nyuzi nyembamba kama utando ndani ya tundu lote, si juu tu, pamoja na sauti ya kupasukapasuka kwenye nozeli. Hiyo ni filamenti yenye unyevu. Umbo la chozi haliwezi kuiponya, ikaushe.

Dalili: beringi inaingia kwa kulazimisha, ingawa juu ni pasafi

Pima tundu kwa kalipa mara mbili, wima na mlalo. Likiwa dogo kwa mlalo pia, tatizo ni kipenyo. OpenSCAD isipopewa `$fn` huchora duara la milimita 8 kwa pande 13 tu, na katikati ya kila upande tundu linabana kwa zaidi ya 0.1 kutoka kwenye duara halisi. Weka 64. Namba inayogawanyika kwa 8 ina faida ya ziada: kona ya poligoni inaangukia kwenye digrii 45 kamili, palepale mshazari unapoanzia.

Likiwa sawa kwa mlalo lakini dogo kwa wima, paa limeshuka. Daraja la milimita 8.6 huweza kulegea kwa sehemu ya milimita, na ndiyo sababu tuliliacha 0.3 juu ya duara badala ya kuligusisha. Ongeza hadi 0.5, ambayo ni kusogeza paa kwa tabaka moja, huku ukihakikisha bado liko mpakani. Usikuze tundu zima kwa ajili ya paa, maana beringi italegea chini na shafti itacheza.

Kupata kipenyo sahihi usichape kishikilia kizima. Chapa kibao cha unene wa milimita 7 kilichosimama, chenye machozi manne ya 22.0, 22.1, 22.2 na 22.3, kisha sukuma beringi kwa kidole gumba. Linalokubali kwa kusukuma kwa nguvu bila nyundo ndilo lako, kwa printa hiyo na filamenti hiyo.

Dalili: kipande kimepasuka kutoka kwenye ncha ya chozi

Ncha kali hukusanya nguvu sehemu moja. Beringi ikipigwa kwa nyundo kuingia, au shafti ikivutwa juu, ufa unaanzia hapo na kufuata mpaka wa tabaka. Paa bapa lenyewe linapunguza hatari, kwani nguvu inagawanyika kwenye kona mbili butu. Angalia pia nyama iliyobaki juu. Aliyegeuza duara kuwa chozi kamili bila kukata kilele ameondoa milimita 4.6 kwenye ukuta wa juu. Kama ukuta ulikuwa 5, imebaki karatasi. Acha angalau milimita 5 juu ya paa, na weka kuta nne badala ya mbili.

Dalili: slaisa bado inaweka saposti

Kwanza, mshazari wa digrii 45 ukikutana na kizingiti cha 45, tofauti ndogo ya hesabu inatosha kuifanya slaisa ione umezidi. Pili, Cura na PrusaSlicer hazipimi pembe kutoka upande mmoja. Katika Cura, `Support Overhang Angle` inapimwa kutoka wima, hivyo kuipandisha kunapunguza saposti. Katika PrusaSlicer, `Overhang threshold` inapimwa kutoka mlalo, hivyo kuishusha ndiko kunakopunguza. Namba 55 ya Cura ni sawa na 35 ya PrusaSlicer. Mtu akikupa namba bila kutaja programu, hujapewa kitu.

Paa bapa la chozi litaendelea kuonekana kama kosa, kwani ni bapa kweli. Kama umechora kila kitu kwa njia hii, zima saposti moja kwa moja. Katika PrusaSlicer hakikisha `Detect bridging perimeters` imewashwa ili ukuta unaopita juu ya pengo uchapwe kwa mwendo na feni ya daraja.

Dalili: chini ya sikio pamechakaa, au ukingo umejikunja juu

Sikio limetokeza milimita 8 kutoka ukutani na chini yake ni bapa. Halina daraja, maana daraja linahitaji kushikwa pande mbili. Lichoree mkato wa mshazari wa digrii 45 chini yake. Mkato huo lazima uanze milimita 8 chini ya sikio ili umalizikie kwenye ukingo wake wa nje. Kosa la kawaida ni kuweka mkato wa milimita 5 kwa sababu unapendeza machoni: milimita 3 za mwisho zinabaki bapa hewani, na hizo ndizo zinazojikunja. Plastiki iliyojikunja inanyanyuka kuelekea nozeli, nozeli inaigonga tabaka linalofuata, na kipande kinaweza kung'oka kitandani. Ukisikia mlio wa kugongagonga wakati huo, ndipo pa kutazama.

Usibadilishe mkato kuwa kona ya mviringo ili kuongeza nguvu. Mviringo kati ya ukuta na sikio unaanza wima vizuri, lakini unamalizika ukiwa karibu bapa, palepale ilipo hatari. Vilevile kwa ukingo wa chini wa kipande unaogusa kitanda: mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3 unafanya tabaka la pili litokeze nje ya la kwanza kwa zaidi ya nusu milimita. Huko nako tumia mkato wa mshazari. Mviringo uweke kwenye kingo za juu na kwenye kona zilizosimama wima, ambako hauna madhara.

Mkato huo unaleta tatizo dogo la kufunga. Sikio lina tundu la wima la boliti ya M3, na nati haiwezi kukaa kwenye mshazari. Itakaa upande na kukwaruza. Ipe nyumba ndani ya sikio: mfereji unaoingia kutoka pembeni, upana 5.7 kwa nati ya 5.5, kimo 2.8 kwa nati ya 2.4. Dari la mfereji ni daraja fupi, lakini katikati yake kuna tundu la boliti, na daraja lenye tundu halina pa kuanzia wala kuishia, mistari ya kuzunguka tundu inaanguka. Dawa yake ni kuziba tundu hilo kwa tabaka moja la 0.2 palepale juu ya mfereji. Daraja linachapwa zima kutoka ukuta hadi ukuta, na tundu linaendelea juu yake. Kipande kikishapoa, ingiza nati, kisha sukuma boliti kutoka juu. Ngozi hiyo inatoboka yenyewe.

Matundu mawili ya boliti za mguu yamesimama wima, hivyo yaache duara. Chekecheke likikaa juani, chapa kwa PETG: PLA inaanza kulainika karibu na nyuzijoto 60, na beringi iliyokuwa imekaza asubuhi itakuwa inacheza ikifika mchana.